Katoni Kumi kwa Mafungu Matatu

Mwezi Novemba, maduka ya jumla ya viatu ya Kariakoo, yale ya mitaa ya ndani nyuma ya Msimbazi, hujaa wanunuzi kutoka mikoani. Shule hufunguliwa Januari, na kila mwenye duka anataka viatu vyeusi vya shule viwe vimefika kwake kabla ya Krismasi. Anayeingia huku akiuliza bei kabla hajamaliza salamu, mwenye mali humjibu upesi na kumgeukia mwingine. Wanunuzi ninaowastahi huchukua muda mrefu bila kutaja bei kabisa. Huuliza mzigo uliingia lini, kontena jingine linatarajiwa lini, katoni imepangwaje, ni saizi gani zimekwisha na zipi zimebaki. Anayesikiliza kwa pembeni anaweza kudhani ni mazungumzo ya kupoteza muda, kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo inaendelea.

Nimewaangalia wengi wakifanya kazi hii, na anayenivutia kuliko wote ni mama mmoja mwenye duka dogo la viatu Iringa, mwendo wa takriban kilomita 500 kutoka Dar es Salaam. Mtaji wake si mkubwa. Anachojua yeye ni kwamba kiasi cha chini anachodai muuzaji wa jumla na tarehe ya kumlipa ni jambo moja lenye sura mbili. Ukipunguziwa kiasi unapewa nafasi, ukiongezewa siku unapewa nafasi, na mara nyingi kimoja hupatikana kwa kukilipia kingine. Bei ndiyo anayoigusa mwisho, na mara nyingi haigusi.

Msimu ninaousimulia, mwenye mali alikuwa na sharti lililoandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi: kuanzia katoni 10, pesa taslimu. Katoni moja ilikuwa na pea 24, bei shilingi 12,000 kwa pea. Katoni 10 ni pea 240, na pea 240 ni shilingi 2,880,000. Yule mama alikuwa na shilingi 1,500,000, na humo nauli ya mzigo na bidhaa nyingine ndogondogo zilikuwa bado hazijatolewa. Kwa hesabu hiyo wengi huaga, au huanza kuomba kwa unyonge. Yeye alivuta kiti.

"Kamwene, mama," kijana mwenye duka alimsalimu kwa salamu ya kwao, akaongeza shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Nifungulie katoni moja nione ilivyopangwa."

Akafunguliwa. Saizi zilianzia 30 hadi 35: pea mbili za 30, nne za 31, sita za 32, sita za 33, nne za 34 na mbili za 35. Mpangilio huo hufanywa kiwandani, na katoni zote za aina ile huja hivyohivyo. Mama akatoa daftari lake, akaliweka gotini bila kumwonyesha mtu. Humo ameandika kila pea iliyotoka msimu uliopita, tarehe na saizi. Kwake, saizi 30 na 31 hudoda, kwa sababu wazazi wa mtaani kwake huwanunulia watoto wadogo viatu vya plastiki vya bei nafuu. Zinazokwisha kwanza ni 33 na 34.

Mtu mwingine angeomba achaguliwe saizi. Yeye hakuomba, na hapo ndipo nilipoanza kuuona ustadi wake. Alijua kwamba sharti lile la boksi lina mambo mawili ndani yake, moja gumu na jingine laini. Gumu ni katoni nzima. Mwenye mali akikubali kufungua katoni na kumtolea mteja 33 na 34 tu, anabaki na 30, 31, 32 na 35. Akifanya hivyo kwa wateja sita, ana stoo ya saizi ambazo hakuna anayeziulizia, na faida yake ya kontena zima imelala mle. Kwa hiyo katoni haikatwi, na anayeng'ang'ania ikatwe anajitambulisha kuwa hajui biashara ya mwenzake. Laini ni idadi ya katoni. Kumi haikutoka kiwandani. Ni namba ambayo mwenye duka ameipanga ili mzigo utoke haraka, na ili asipoteze wapagazi na muda wake kwa wateja wa katoni mojamoja.

Ili kuupima ulaini huo, mama aliuliza swali moja: "Nikichukua katoni moja tu, unaniuziaje?"

"Moja, mama, itakuwa 12,500."

Jibu lile lilikuwa na maana kubwa kuliko alivyodhani kijana. Lilionyesha kwamba kumi si ukuta. Tofauti kati ya mteja mkubwa na mdogo ilikuwa shilingi 500 kwa pea, na kitu chenye bei kinaweza kununuliwa. Kuanzia hapo mama hakuwa tena anaomba huruma ya kupunguziwa kiasi. Alikuwa anajua huruma hiyo inauzwa shilingi ngapi.

Kisha akauliza habari ya kontena. Kijana akasema lipo njiani, litafika kabla ya mwezi kuisha. Hapa inafaa kueleza kidogo jinsi mali inavyofika katika maduka haya. Anayeagiza China kwa kawaida hutanguliza sehemu ya bei kiwandani, mara nyingi asilimia 30, na kumaliza iliyobaki kabla ya mzigo kuachiwa. Kontena likifika bandarini kuna ushuru, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, gharama za bandari na za wakala wa forodha, na kila siku linapochelewa kutolewa gharama zinapanda. Wengine wa mtaa ule hawaagizi wenyewe; wamechukua mali kauli kwa mwagizaji, nao wana tarehe yao ya kurudisha. Kwa hiyo mtu anayeonekana kukalia mali nyingi anaweza kuwa ndiye mwenye kiu kubwa ya pesa taslimu katika mtaa mzima, hasa wiki mbili kabla ya kontena. Mama alikuwa amefika katika wiki hizo. Milioni yake moja ya Novemba ilikuwa na uzito ambao milioni moja ya Januari isingekuwa nao, na alijua hivyo.

Ndipo akaweka pendekezo lake. Atachukua katoni 10 zote, kwa bei ya katoni 10, lakini kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni katoni nne, anazilipia leo, pesa mkononi. Fungu la pili ni katoni tatu, anazichukua tarehe 15 Desemba kwa mali kauli. Fungu la tatu ni katoni tatu, atasema kabla ya tarehe 10 Januari kama anazitaka, na akizitaka atazilipia taslimu.

Kijana alikunja uso, na alikuwa na haki. "Mama, ukinikimbia na fungu la tatu, mimi nimekuuzia katoni saba kwa bei ya kumi."

Mama alikuwa na jibu tayari, nalo ndilo lililonifanya nitake kuandika habari hizi. Akasema, "Nisipozichukua, unihesabie zile saba kwa bei ya katoni moja moja. Nakuongezea 500 kila pea."

Tupige hesabu aliyokuwa ameshaipiga. Katoni saba ni pea 168, na 500 kwa kila pea ni shilingi 84,000. Hicho ndicho alichokubali kupoteza endapo msimu hautakuwa mzuri. Sasa tulinganishe na njia ya kawaida, ya kujikaza, kukopa kwingine na kubeba katoni zote 10 kwa mkupuo. Daftari lake linaonyesha kwamba tangu katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari huuza pea kama 150, na baada ya hapo zinatoka tano kwa wiki. Pea 90 zingebaki rafuni Februari ikianza. Kwa bei ya kununulia hizo ni shilingi 1,080,000 zilizolala, na kwa mwendo wa tano kwa wiki zingechukua zaidi ya miezi minne kuamka. Kwa mama mwenye mtaji wa milioni moja na nusu, kulaza milioni moja hadi mwanzoni mwa Juni maana yake ni kukosa bidhaa za kuuza kipindi chote hicho. Kwa mafungu yake matatu amejiwekea kikomo cha hasara cha shilingi 84,000, na huenda asiilipe kabisa.

Naye mwenye mali anapata nini? Anapata shilingi 1,152,000 taslimu leo, wakati kontena linamsubiri. Anapata ahadi ya katoni tatu nyingine ambazo zina mnunuzi anayejulikana. Kwa zile tatu za mwisho, aliuliza swali la kiume kabisa la biashara: "Na zikiniishia kabla hujasema?" Mama akajibu kwamba akipata mteja wa kuzilipia, aziuze, na yale mambo ya 500 yafutike. Hapo hakuna aliyefungwa kwa upande mmoja. Msimu ukiwa moto, kijana anaziuza kwa yeyote na mama hadaiwi kitu. Ukiwa baridi, mama anamfidia. Nimesoma mikataba ya kurasa nyingi isiyogawanya hatari kwa uangalifu kama maneno yale yaliyosemwa juu ya stuli ya plastiki.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa fungu la pili, la mali kauli. Pwani hii ina historia ndefu ya kukopeshana mali. Katika karne ya 19, Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, alimpa Tippu Tip mtaji wa misafara ya bara na kusubiri pembe za ndovu zirudi. Waislamu wa pwani wanajua pia kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu deni la muda maalumu, na inaamuru liandikwe na lishuhudiwe. Mwenye mali wetu alikuwa mtu wa dini, na dini ilimwekea umbo la makubaliano. Kwa mujibu wa wanazuoni walio wengi, muuzaji anaweza kutaja bei mbili, ya taslimu na ya mkopo, mradi mnunuzi achague moja kabla hawajaachana. Kisichowezekana ni kuliongeza deni baada ya hapo kwa sababu limechelewa, maana hiyo ni riba.

Mnunuzi anayeelewa jambo hili anaelewa mengi. Mwenye mali wa namna hii hana faini ya kuchelewa. Ulinzi wake wote umo katika bei anayoitaja mwanzoni, katika tarehe, na katika uwezo wake wa kukunyima mali safari ijayo. Basi usishangae akiwa mkali juu ya tarehe kuliko benki. Sheria ya nchi nayo haimpi mnunuzi siku za bure. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inachukulia kwamba kukabidhi mali na kulipa bei huenda pamoja, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Siku za kulipa ni kitu cha kupatana, na zisipotajwa hazipo.

Kijana alitaja bei ya mkopo: 12,600 kwa pea, kulipa tarehe 15 Januari. Mama hakubisha juu ya ile 600. Kwa pea 72 za fungu la pili nyongeza ni shilingi 43,200, na thamani ya mzigo kwa bei ya taslimu ni 864,000, yaani ni asilimia 5. Akilinganisha na mikopo ya mtaani, ile ambayo watu wameibatiza kausha damu, mkopeshaji wa asilimia 10 kwa mwezi angemtoza shilingi 86,400 kwa mwezi mmoja tu, tena kwa pesa ambayo angelazimika kuja nayo Dar es Salaam mwenyewe. Asilimia 5 ilikuwa bei ya haki. Kilichomsumbua ni tarehe.

"Tarehe 15, mwanangu, nitakuwa nimeuza nusu. Wazazi wa kwangu ni walimu na manesi. Wengine wanakuja shule zikiwa zimeshafunguliwa, mshahara wa Januari ukiingia."

Wakakaa kimya. Kisha mwenye mali akauliza, kwa nini asiseme tarehe 15 halafu apige simu kuomba siku, kama wengine wanavyofanya. Mama akasema hapendi kupiga simu hiyo. Nilipozungumza na kijana baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo alipoamua kumpa. Kwa uzoefu wake, mteja anayekubali tarehe upesi bila kuuliza ndiye wa kuogopwa, kwa sababu hajafikiria pesa itatoka wapi. Anayegombania siku 16 ameshapiga hesabu ya kulipa.

Walimaliza kwa kuligawa deni: nusu tarehe 15 Januari, nusu tarehe 31. Deni zima ni pea 72 kwa 12,600, shilingi 907,200, na kila nusu ni 453,600. Mama aligeuza ukurasa wa daftari na kujipima kwa njia ambayo ningependa kila mwenye duka aijue. Hakujiuliza kama ataweza kulipa 453,600. Swali hilo halina jibu. Alijiuliza hizo ni pea ngapi. Yeye huuza 18,000, kwa hiyo nusu ya deni ni pea 25 na kidogo, tuseme 26. Je, kati ya tarehe 15 Desemba na 15 Januari huuza zaidi ya pea 26? Daftari linasema huuza zaidi ya mara tatu ya hizo. Je, kati ya 15 na 31 Januari huuza tena 26? Huuza, ingawa hapo nafasi ni ndogo zaidi. Kwa hiyo pea 52 zinalilipa deni lote, na pea 20 zinazobaki ni faida yake, kabla ya nauli. Tarehe ambayo imepimwa kwa pea za viatu ni tarehe ya kweli. Ile iliyopimwa kwa matumaini huishia kwenye simu za kuomba siku.

Kabla ya kuondoka walikubaliana mambo mawili madogo, na biashara nyingi za mali kauli huharibikia hapo hasa. La kwanza ni siku zinaanza kuhesabiwa lini. Mzigo wa Iringa unaweza kulala stoo ya basi siku mbili tatu kipindi cha Desemba, njia ikiwa imejaa abiria na mizigo ya sikukuu. Wakiandika "siku 30", kijana atahesabu tangu mzigo ulipotoka dukani kwake na mama atahesabu tangu ulipofika kwake, na kila mmoja atamwona mwenzake mwongo. Wao waliandika tarehe za kalenda, ugomvi ukakosa mahali pa kuanzia.

La pili ni kasoro. Katoni huweza kufika ina pea zenye viatu viwili vya mguu mmoja, au saizi zilizopishana, soli inasema 33 na ulimi unasema 34. Walikubaliana mama afungue katoni zote ndani ya siku tatu tangu kupokea na atume picha kwa Watsapu, na kwamba pea mbovu zitapunguzwa kwenye deni, si kurudishwa kwa basi. Kuhusu fungu la taslimu hakuna deni la kupunguza, kwa hiyo kasoro zake zitapunguzwa kwenye fungu la pili. Hii pia ni sababu nzuri ya kutomaliza malipo yote siku moja, hata kwa mwenye pesa. Anayedaiwa kidogo na muuzaji wake ana kitu cha kukatia kasoro. Aliyelipa yote ana kitu cha kulalamikia tu.

Yote hayo yaliandikwa kwenye kitabu cha kaboni, nakala moja ikabaki dukani na nyingine ikaingia kwenye daftari, na kila fungu likapangiwa kuwa na risiti yake ya EFD siku litakapochukuliwa.

Niseme pia pale ambapo ustadi huu hauna msaada. Hauwezi kumwokoa asiye na kumbukumbu za mauzo, kwa sababu kila hoja ya mama ilitoka kwenye daftari. Haufai kwa bidhaa ambayo muuzaji ana uhakika itaisha wiki hii, maana hana sababu ya kukupa siku wala mafungu. Wala si wa safari ya kwanza. Yule mama alikuwa ameanza miaka ya nyuma kwa taslimu tupu, kisha katoni moja ya mali kauli, akairudisha kwa wakati, kisha mbili. Wenye mali hupima watu kwa katoni moja kwanza, na wanaojua huichukua hiyo moja hata kama hawaihitaji.

Tena kuna mtego ambao nimeona ukiwameza watu hodari. Unaitwa lipa la zamani, chukua jipya. Kila safari mteja analipa sehemu ya deni na kubeba mzigo mwingine, na kwa kuwa mzigo unapita mikononi, anajiona anaendelea. Dalili ya kuzama ni rahisi kuipata, ila wachache huitafuta. Hesabu mali iliyobaki dukani kwa bei uliyonunulia, ongeza pesa iliyoko mkononi na kwenye simu. Jumla hiyo ikiwa ndogo kuliko deni, basi mali ya mwenye mali imeshaliwa, imekuwa ada, kodi ya nyumba na michango ya harusi, na mzigo mpya unaochukua unakwenda kulipia uliokwisha. Mama wa Iringa hufanya hesabu hiyo kila anapojiandaa kwa safari, kabla hajakata tiketi. Ikitoka upande mbaya, safari hiyo hulipa tu na harudi na mali. Mwenye duka mmoja wa jumla aliniambia kwamba mteja aliyekuja mara moja akalipa na kuondoka mikono mitupu hamsahau maishani.

Msimu ule ulikwendaje? Desemba ilikuwa nzuri, Januari ilianza taratibu. Fungu la kwanza lilikwisha kabla ya mwaka mpya, isipokuwa saizi 30 na baadhi ya 31, kama daftari lilivyotabiri. Katika fungu la pili kulikuwa na pea mbili zilizopishana saizi, picha zikatumwa, shilingi 25,200 zikakatwa kwenye malipo ya kwanza bila maneno. Tarehe 9 Januari mama alipiga simu na kusema fungu la tatu hatalichukua. Kijana alikuwa bado anazo zile katoni tatu. Mteja mwingine hakutokea. Tarehe 31, pamoja na nusu ya mwisho ya deni, zikaingia shilingi 84,000 kwenye simu yake, naye akamtumia mama picha ya ukurasa wa kitabu cha kaboni uliopigwa mstari.

Agosti iliyofuata, kabla mwenye mali hajatanguliza pesa kiwandani kwa mzigo wa msimu, alimpigia mama. Hakumpigia kumwuzia kitu. Alitaka kujua Iringa saizi zinatokaje, moja baada ya nyingine, na mama akamsomea kutoka kwenye daftari. Aliwapigia wateja wengine wachache wa mikoani wenye kumbukumbu kama zake. Kontena la mwaka ule liliingia na katoni za mipangilio miwili, ile ya zamani ya 30 hadi 35, na mpya ya 32 hadi 36 yenye pea nyingi za 33 na 34. Kwa hiyo mpya, kipande cha boksi kiliandikwa kuanzia katoni 6.